Maswali yangu ya topiki ya Majimaji, na majibu yake

Haya nimeyatunga mwenyewe, siyo ya pasti pepa, so usiende kuyatafuta kwenye desa la mtu. Funika jibu kwa karatasi, andika la kwako kwanza, ndo ufunue usahihishe. Jumla alama 30. Lile swali la "taja sababu sita" sijaliweka kabisa, hilo hata aliyekesha usiku mmoja na daftari anapata zote, na bado haelewi kitu.

1. Kwa nini vita vilianza kwa kung'oa pamba na siyo kwa kuvamia boma la Wajerumani? (alama 4)

Pamba ndo ilikuwa inawauma kila siku. Kuanzia 1902 serikali ya Wajerumani ililazimisha mashamba ya pamba ya pamoja, mtu anaacha shamba lake msimu wa kilimo anaenda kulima la serikali huku akida na jumbe wanamsimamia na kiboko, halafu malipo yenyewe madogo mpaka wapo waliogoma kuyapokea. So Julai 1905 pale Nandete, Umatumbi, kung'oa ile miche ilikuwa ni kutangaza vita waziwazi. Ukiandika "kodi" peke yake jipe 1, kodi ilikuwepo tangu 1898 na sehemu kibao za koloni zililipa bila kuingia vitani.

2. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Mbona vita havikuisha? (alama 5)

Kwanza angalia tarehe, vita vilikuwa na wiki chache tu. Yeye alikuwa mganga, alikaa Ngarambe, watu wakawa wanamfuata huko kuchukua dawa ya maji ya kuwakinga na risasi, lakini dawa haikubaki kwake, wajumbe wake waliibeba wakaenda nayo mbali, mfano Kinjala aliyeifikisha Ungoni. Na kila walikofika wenyeji walipigana chini ya viongozi wao wenyewe. Kwa hiyo kumnyonga mtu mmoja kulichelewa. Alama 2 kwa wajumbe, 2 kwa viongozi wa kila sehemu, 1 kwa kuhusisha na tarehe.

3. "Maji ndiyo yaliyosababisha Vita vya Majimaji." Jadili. (alama 10)

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote unaweza kuyakosa ila siyo hili.

Jibu: Hapana, maji hayakuleta hasira, yaliikuta. Pamba, kodi, kazi za shuruti na ukatili wa maakida vilikuwepo kabla hata ya Kinjikitile kuanza kutoa dawa mwaka 1904. Kama maji yangekuwa ndo chanzo, ingebidi tuseme watu waliokuwa wametulia waliamka tu wakaamua kupigana kwa sababu ya dawa, na hapo tutakuwa tunasema kama maofisa wa kikoloni waliotaka ionekane ni uchawi ili utawala wao usiguswe.

Lakini pia usiyadharau. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni, hawa hawakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja, na wengine walishawahi kupigana wenyewe kwa wenyewe. Maji yaliwapa kitu cha pamoja, na imani kwamba risasi itageuka maji iliwapa ujasiri wa kuikabili bunduki. So chanzo ni unyonyaji, maji ni kiunganishi. Aliyeandika "hapana" bila hiyo aya ya pili asizidi 5, hata kama mwandiko wake mzuri.

4. Kwa nini Wahehe hawakujiunga? (alama 3)

Walishapigana vita vyao. Waliwapiga Wajerumani Lugalo 1891, wakapambana mpaka Mkwawa alipojiua 1898. Kufika 1905 walikuwa hoi, na wapo waliopigana upande wa Mjerumani.

5. Je, bunduki peke yake zilitosha kuwashinda wapiganaji? (alama 8)

Zilishinda mapigano, siyo vita. Mahenge, 30 Agosti 1905, maelfu walilivamia boma na bunduki za rashasha zikawafyeka, na baada ya hapo imani ya maji ikaanza kuyumba (alama 3). Ila watu wakahamia vita vya kuvizia, na hapo rashasha haina faida sana. Ndo gavana von Götzen na maofisa wake wakatumia njaa: vijiji vikachomwa, maghala yakateketezwa, mazao yakaharibiwa (alama 3). Mbili za mwisho ni za vifo. Wajerumani walikadiria watu 75,000, wanahistoria wa baadaye wanafika 250,000 hadi 300,000, na wengi wao hawakupigwa risasi, walikufa kwa njaa na magonjwa. Ukitaja namba bila kusema walikufaje, jipe 1.