Koo limepona siku ya tatu, dozi bado

Wateja wetu wa Ngamiani, na nyote mnaopita dukani kwetu mkitoka sokoni, salaam.

Juzi jioni dada mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alifika kaunta akatoa mkobani bahasha ya dawa tuliyompa yeye mwenyewe wiki hiyohiyo. Ndani zilikuwa kapsuli sita za amoksilini. Akasema koo limepona tangu Jumanne, hizi ameziweka akiba, mtoto akikohoa ampe. Amekuja tu kuuliza ampe ngapi.

Hatukumgombeza, na wewe hatutakugombeza. Bahasha kama ile tunaziona kila wiki. Mtu akiona homa imeshuka na chakula kinapita, anaona kuendelea kumeza dawa ni kujitesa bure. Tunaelewa. Ila tuseme kinachoendelea mwilini siku hizo.

Antibayotiki ikianza kazi, bakteria wanaotangulia kufa ni wale dhaifu. Wakipungua, homa inashuka, maumivu yanapoa, unarudi kazini. Wale wagumu bado wapo, wachache, na ndio wanaomalizwa na dozi za siku zilizobaki. Ukikatisha hapo unawapa nafasi ya kuzaana upya. Ugonjwa unaweza kurudi, na safari hii dawa ileile isishike. Hicho ndicho watu wa afya wanachokiita usugu wa dawa. Anayekuwa sugu ni bakteria, si mwili wako, na bakteria huyo anaweza kumhamia mtu mwingine nyumbani ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja.

Si jambo jipya. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilitahadharisha katika hotuba yake ya Nobeli mwaka 1945. Alitoa mfano wa bwana anayeumwa koo, ananunua penisilini kidogo, haitoshi kuua wadudu bali inawafundisha kuikwepa, kisha anamwambukiza mkewe. Ukisikiliza vizuri, yule bwana ni mteja wa kaunta kabisa.

Kwa nini wewe umepewa siku 5 na jirani siku 10? Kwa sababu ugonjwa si mmoja na dawa si moja. Nimonia ya mtoto anayetibiwa nyumbani kwa amoksilini mara nyingi ni siku 5. Asithromaisini mara nyingi ni siku 3 tu, kwani hubaki mwilini muda mrefu baada ya kidonge cha mwisho. Koo lenye bakteria wa streptokokasi likitibiwa kwa penisilini ya kumeza, kawaida ni siku 10, hata kama maumivu yameisha siku ya tatu. Lisipotibiwa sawasawa linaweza kuleta, hasa kwa watoto, homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Kifua kikuu kinakwenda miezi 6, na kina utaratibu wake kliniki. Kwa hiyo usihesabu kwa bahasha ya jirani. Dozi kamili ni ile aliyokuandikia aliyekupima. Naye akikwambia baada ya majibu ya maabara kwamba uache, acha.

Sasa bahasha yenyewe. Tukiandika 1x3 maana yake kidonge kimoja kila baada ya saa 8, si "asubuhi, mchana na jioni" vikaribiane. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku inakaa vizuri kwa watu wengi. Ikiwa 1x2, saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Weka alamu ya simu, au weka dawa karibu na mswaki. Ukisahau, meza ukikumbuka. Ikiwa saa ya dozi inayofuata imeshakaribia, ruka ile uliyosahau uendelee kama kawaida. Usimeze mbili kufidia.

Dawa ya maji ya mtoto huwachanganya wengi. Hapo tunamaliza siku, si chupa. Mtoto akiandikiwa mililita 5 mara tatu kwa siku 5, jumla ni mililita 75, na chupa ina 100. Zile 25 zinazobaki ni za kumwaga, kwani dawa ikishachanganywa na maji haikai. Tikisa chupa kila mara, na pima kwa kikombe au bomba tuliyokupa. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Tumbo kulegea kidogo ni jambo la kawaida, maana dawa inagusa na bakteria wazuri wa tumboni. Amoksilini unaweza kuimeza baada ya chakula ukiona kichefuchefu. Metronidazo huacha ladha ya chuma mdomoni na mkojo unaweza kuwa wa rangi nzito, usishtuke. Pombe na metronidazo ndiyo haviendi pamoja, subiri angalau siku mbili baada ya kidonge cha mwisho. Doksisaiklini meza na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima, usilale papo hapo, na usiimeze kwa maziwa. Siprofloksasini nayo usiimeze kwa maziwa.

Kuna hali za kuacha dawa mara moja na kukimbilia hospitali: midomo au uso kuvimba, pumzi kubana, ngozi kutoka malengelenge. Vipele au muwasho mwilini, acha kwanza, utupigie au uje kabla ya dozi inayofuata. Ukiharisha sana, au ukiona damu kwenye choo, wahi kituo cha afya. Na siku mbili tatu zikipita bila nafuu yoyote, rudi kwa aliyekupima. Usiongeze dawa nyingine juu.

Tuzungumzie na hela, maana mara nyingi tatizo liko hapo. Mtu anakuja na cheti cha kapsuli 15, anasema "nipe za buku kwanza". Usione haya kutuambia mfuko haukai sawa. Dawa ileile huwa ina watengenezaji tofauti, na bei zinapishana. Ikibidi, tunakupa za siku mbili leo, zilizobaki tunaziandika jina lako na kukuwekea, mradi urudi kabla zile za mwanzo hazijaisha. Kibaya ni kuchukua nne ukapotea.

Wanaofunga, semeni mapema. Dawa ya mara mbili kwa siku mara nyingi huweza kupangwa kwa futari na daku, na ile ya mara tatu tunaweza kumuuliza daktari kama ipo ya kubadilisha.

Mafua na kikohozi cha kawaida havihitaji antibayotiki hata kidogo, husababishwa na virusi. Ukituona tumekupa panado na kukushauri maji ya kutosha, hatujakunyima dawa.

Yule dada wa kapsuli sita alimeza moja pale pale kaunta kwa maji yetu ya kunywa. Tano zilizobaki tukampangia saa kwenye bahasha, kwa kuwa alikuwa ameacha siku moja tu. Mtoto wake tulimwambia ampeleke akapimwe kwanza akikohoa. Kipimo cha mtoto huenda kwa kilo zake, hakigawanywi kutoka kwa mama.

Kama una mabaki kabatini, usimgawie mtu. Yalete tuyateketeze kwa utaratibu. Mfamasia yupo kila siku kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 3 usiku, Jumapili tunafungua saa 4. Njoo na bahasha yako hata kama umeshaacha dawa, tuangalie pamoja.