Bei ya CBM siyo bei ya mzigo

Wafanyabiashara wengi wanaoagiza China wanaanza na swali moja, la bei ya mita ya ujazo, yaani CBM: "CBM moja mnatoza shilingi ngapi?" Wanapiga kwa mawakala watano, wanachukua mwenye bei ndogo. Sisi pia hutupigia, na mara nyingi hatuwi wa kwanza kwenye orodha hiyo. Ngoja nieleze kwa nini hilo halitusumbui.

Chukua boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Hilo ni CBM 0.12, kwa hiyo maboksi 50 ni CBM 6. Sasa mzigo umefika stoo ya Guangzhou, kijana wa pale anapima upya na kuongeza sentimita 3 kila upande: 63 kwa 53 kwa 43. Maboksi yaleyale 50 yamekuwa CBM 7.18. Wakala aliyekupunguzia asilimia 10 kwenye bei amekurudishia gharama kwa mlango wa nyuma, na juu yake umelipa karibu asilimia 8 zaidi ya yule uliyemwona ghali. Kweli, boksi laini hutuna likijazwa, sikatai. Ndiyo maana umwombe wakala picha ya boksi likiwa na futikamba juu yake, siku hiyohiyo lilipopokelewa. Sisi tunaituma bila kuombwa, kwa sababu tumechoka kugombana na wateja Dar wakati mzigo ulishapimwa miezi miwili nyuma.

Kwa ndege ni hesabu nyingine. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Boksi letu linatoka kilo 20, hata kama ndani mna midoli yenye kilo 7 tu. Utalipia 20. Wakala anayekutajia bei ya kilo bila kukuuliza vipimo anakuandalia mshangao.

Sasa swali ambalo karibu hakuna anayeuliza, na mimi naliona kubwa kuliko yote: mzigo utatolewa forodhani kwa jina la nani? Kwenye lusi kago, ambapo watu kumi wanashiriki kontena moja, wengine hutoa vyote kwa TIN moja, ya wakala au ya mtu usiyemjua. Unapokea maboksi yako, unafurahi. Siku ofisa wa TRA akiingia dukani kuuliza nyaraka za bidhaa zilizo rafuni, huna kitu cha kumwonyesha. Na kama umesajiliwa VAT, ile asilimia 18 iliyolipwa bandarini huwezi kuidai, kwa kuwa kwenye karatasi hukuilipa wewe. Bei inayoitwa "ya kila kitu, mpaka mlangoni" ni tamu, lakini uliza ndani yake kuna nini. Mchanganuo uandikwe: nauli, ushuru, VAT, gharama za bandari, ada ya wakala. Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una viwango vinne vikuu, asilimia 0, 10, 25 na 35, kwa hiyo wakala asiyetaka kujua unaleta bidhaa gani hawezi kuwa amepiga hesabu.

Kwa kontena zima, muulize ataanza lini kushughulikia nyaraka. Jibu unalolitaka ni "kabla meli haijatia nanga". Siku za bure zikiisha utalipa mara mbili: storeji kwa bandari au bandari kavu, demareji kwa kampuni ya meli. Mwaka 2019 sisi wenyewe tulichelewesha kontena la vigae la mteja wa Mbagala siku 11, kisa herufi mbili za jina zilizokosewa kwenye BL, yaani hati ya shehena ya meli, na hatukuziona mapema. Demareji ile tulilipa sisi. Tangu hapo nakala ya BL inasomwa na watu wawili, na mteja ni wa tatu, kabla haijatolewa ile halisi.

Leseni ya wakala wa forodha hutolewa na TRA na huhuishwa kila mwaka. Omba kuiona, usione haya. Cheti cha ubora kwa bidhaa zinazohitaji ukaguzi wa TBS kinatafutwa China, kabla ya kupakia. Bima usidhani umekatiwa. Uliza.

Ukiwa na vipimo vya maboksi na invoisi ya kiwanda, pita ofisini kwetu Kariakoo kabla hujamlipa Mchina. Tutakuandikia mchanganuo, hatutozi. Uchukue, uupeleke kwa wakala mwingine, umwambie naye aandike wa kwake.