Kwa shangazi, kabla ya Alhamisi

Shangazi, kutolewa uvimbe kwenye kizazi si jambo dogo, na sitakuambia usiogope. Nimekuandikia haya uyasome kitandani, moja moja.

Woga umekuja kama mgeni. Mpe kigoda akae, usimpe ufunguo wa nyumba.

Mkono wako ulitetemeka ukitia saini fomu, na saini ikakamilika. Nilikuwa pembeni, niliona.

Huna haja ya kuwa jasiri usiku kucha. Fika alfajiri tu.

Kulia si kukata tamaa.

Linalokunyima usingizi muulize daktari wa usingizi, hata kama ni mara ya tatu. Kuuliza si kukosa imani.

Wanaosema hutasikia kitu wamesahau siku za baadaye. Kidonda kitauma. Dawa ya maumivu ipo, iombe mapema, usingoje mpaka uzidiwe. Kuvumilia kimya hakukiponyi kidonda haraka.

Asubuhi hiyo utakuwa na njaa, maana hutakula tangu usiku. Tumbo likinguruma, usidhani yote ni woga.

Kitanda kikisukumwa, hesabu taa za darini. Mimi nitakuwa kwenye benchi la nje, nimeshika kanga yako.