Barua kwa Mwalimu Wangu wa Kiswahili

Majengo, Dodoma
12 Mei 2025

Mwalimu wangu, shikamoo.

Natumaini u mzima na baridi ya Kondoa haikusumbui. Huku tu wazima, watoto wanakuamkia. Ujumbe wako wa darasa jipya la jioni nimeupata, na nimefurahi kusikia wengi ni Wamsumbiji wenzangu. Umeuliza ni masomo gani yaliyobadilisha maisha ya kila siku, ili uyatangulize. Ngeli zisubiri, Mwalimu. Anza na siku, saa na bei.

Mtu aliyezoea Kireno ana mtego wake kwenye siku. Wareno nao huzihesabu kwa namba, ila wao wanaanzia Jumapili, sisi Jumamosi. Ya tatu yao ni Jumanne, ya tano yao ni Alhamisi. Mgeni akisikia "Jumatano" anaikamata ile tano, anakuja Alhamisi, na kwa fundi cherehani hiyo ni nguo ya sendoff iliyochelewa. Wakataze kutafsiri. Kila siku waifunge na shughuli yake: Jumatatu shule, Ijumaa msikitini, Jumapili kanisani. Inakaa haraka kuliko kuimba saba zote kwa mpangilio.

Saa wataielewa upesi: simu ikionyesha 8:00, ondoa sita, ni saa mbili. Kinachowaangusha ni maandishi kwenda upande mmoja na mdomo upande mwingine. Tiketi imechapwa 18:00, mtu anakwambia treni inaondoka saa kumi na mbili jioni. Waambie pia waongeze "asubuhi" au "usiku" kila mara, na wakipiga simu Nampula wakumbuke kule wako nyuma saa moja: saa mbili usiku hapa, simu ya kule inaonyesha 19:00.

Pa kukaa nao sana ni dirisha la dawa. Chukua mseto wa malaria. Mtu mzima hupewa vidonge 24: vinne kwa kila dozi, mara mbili kwa siku, siku tatu. Dozi ya pili humezwa baada ya saa nane, na siku mbili zinazofuata ni asubuhi na jioni. Sasa, "baada ya saa nane" kwa sikio changa ni "ikishapita saa nane mchana". Aliyemeza saa mbili asubuhi atameza tena mchana huohuo, saa mbili kabla ya wakati, kwa sababu zamu yake ni saa kumi jioni. Wafundishe kumuuliza mtoa dawa: "Nimemeza sasa hivi, nyingine nimeze saa ngapi?" na kuandika saa hiyo juu ya bahasha. Sentensi hiyo moja ina faida kuliko ukurasa mzima wa umoja na wingi. Na alama ya 1 x 3 kwenye bahasha ni kimoja, kutwa mara tatu, si vitatu kwa mkupuo.

Bei nazo hukatwa. "Mbili" kwenye fungu la nyanya ni mia mbili au elfu mbili, kwa mwenye nyumba ni laki mbili. "Laki na nusu" ni 150,000. Mgeni airudie bei kwa ukamilifu kabla hajafungua pochi: "Elfu mbili, sivyo?" Hakuna atakayemcheka, hata wenyeji hufanya hivyo.

Kwangu haya yote yanaonekana kwenye meza ya cherehani. Mteja akisema "nibane kiunoni lakini uniachie kwenye hipsi", najua pa kupunguza na pa kuacha nafasi, na tunapatana siku, saa na malipo ya awali bila mtoto kuitwa kutafsiri. Zamani vipimo nilionyeshwa kwa vidole; sasa napokea hata kwa simu, naandika kifua, kiuno, hipsi, urefu, kisha namsomea mteja athibitishe. Wazee wa Kigogo nao nawaanza kwa "mbukwenyi". Hiyo hukunifundisha wewe, Mwalimu, lakini wateja imeleta.

Nimekuwekea kitenge cha gauni la kufungulia darasa. Naomba vipimo kwa inchi: bega kutoka ncha hadi ncha kupitia mgongoni; kifua, futi kamba ikizunguka mahali palipojaa zaidi bila kukaza; kiuno; hipsi; na urefu kutoka begani hadi unapotaka pindo liishie. Useme pia mkono mrefu au mfupi. Vikifika kabla ya Jumatano (ile ya kwetu), Jumamosi nitalipakia kwenye basi la Kondoa la asubuhi.

Mwanafunzi wako,
Fatima