Muhtasari wa Slaidi 40: Haki za Msingi na Mipaka Yake katika Mahakama za Tanzania

Muhtasari huu umeandaliwa kwa ajili ya kikundi chetu cha majadiliano kabla ya mtihani wa Sheria ya Katiba. Slaidi za mhadhiri zimepanga kesi kwa miaka, ila hapa zimepangwa kwa kufuata maswali ambayo mahakama hujiuliza, kwa kuwa mtihani hutupa tukio na kututaka tulitatue.

A. Msingi (slaidi 1–6)

Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba ya 1977 kwa marekebisho ya mwaka 1984, lakini zilianza kudaiwa mahakamani Machi 1988. Ibara ya 64(5) inasema kwamba sheria inayokinzana na Katiba ni batili kwa kadiri ya ukinzani huo. Kesi zote zinazofuata zinaanzia hapo.

B. Nani anaweza kufungua shauri (slaidi 7–10)

Katika shauri la Mtikila la mwaka 1994, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alisema Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuitetea Katiba, hata kama yeye binafsi hajadhurika. Marekebisho ya mwaka 2020 katika Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi yaliubana mlango huo, kwani mwombaji alitakiwa kuonyesha kwa hati ya kiapo jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe. Swali likihusu asasi inayowatetea watu wengine, jibu liguse pande zote mbili.

C. Kipimo cha sheria inayobana haki (slaidi 11–24)

Hapa ndipo penye uzito wa kozi. Katika shauri la Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, kilichomnyima dhamana mshtakiwa wa unyang'anyi wa kutumia nguvu, kwa kuwa hakikuweka utaratibu ambao Ibara ya 15(2)(a) inautaka, na kwa kuwa kilikuwa kipana kupita kiasi. Shauri la Kukutia Ole Pumbun, lililohusu sharti la kupata kibali cha waziri kabla ya kuishtaki Serikali, likageuza hoja hizo kuwa kipimo chenye sehemu mbili: kwanza, sheria isitoe mwanya wa uonevu, maana yake iwe na vidhibiti dhidi ya matumizi mabaya, pili, isibane haki kuliko inavyohitajika ili kufikia lengo lake halali. Sheria ni kama wavu: ukinasa na wasiolengwa, umeshindwa sehemu ya pili.

Ndyanabo (2002) liliongeza jambo ambalo wengi hulisahau, yaani mzigo wa uthibitisho. Sheria huchukuliwa kuwa halali mpaka mpingaji athibitishe vinginevyo, lakini anayetegemea kizuizi cha haki ndiye anayepaswa kukitetea. Kwa msingi huo, sharti la mlalamikaji wa uchaguzi kuweka dhamana ya gharama ya shilingi 5,000,000 lilianguka, maana lilimfungia asiye na fedha mlango wa mahakama.

Holaria Pastory (slaidi 22) limewekwa hapa kwa kulazimisha kidogo. Mahakama Kuu Mwanza haikutumia kipimo hiki. Iliisoma upya mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, ili iendane na usawa.

D. Mahakama inapojizuia (slaidi 25–36)

Katika Mbushuu (1995), Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa adhabu ya kifo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, kisha ikaiacha isimame kwa sababu Ibara ya 30(2) inaruhusu haki kubanwa kwa maslahi ya umma. Kipimo ni kile cha sehemu C, ila kimelegea, na binafsi naona hapa ndipo hoja ya ulazima wa kizuizi ilipopewa uzito mdogo mno. Shauri la Sanga (2020) lilinganishwe na Daudi Pete: kifungu cha 148(5) kilichobatilishwa na Mahakama Kuu kilirejeshwa na Mahakama ya Rufani.

Kizuizi kikubwa zaidi ni Katiba yenyewe. Baada ya uamuzi wa Mtikila wa 1994 kuruhusu mgombea binafsi, Bunge lilibadilisha Katiba. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema haina mamlaka ya kufuta ibara ya Katiba, na kwamba suala hilo ni la Bunge. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipima jambo lilelile kwa Mkataba wa Afrika mwaka 2013, ikaona haki imekiukwa. Maamuzi hayo hayapingani, kwani kila mahakama ilitumia mizani yake.

E. Nafuu (slaidi 37–40)

Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha sheria badala ya kuifuta papo hapo. Ndivyo ilivyokuwa katika shauri la Gyumi, ambapo vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, vilionekana kukinzana na Katiba na Serikali ikapewa mwaka mmoja. Mahakama ya Rufani ilithibitisha uamuzi huo mwaka 2019.