Mkataba mpya wa duka: yaliyomo kwa lugha nyepesi

Assalam aleikum Shangazi, na shikamoo.

Nimeisoma barua pepe ya ajenti pamoja na mkataba wenyewe, kurasa 19 zote. Nakuandikia yaliyomo kwa lugha yetu ili uyasome mwenyewe kwa utulivu na umsomee mzee jioni. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili, si wakili. Nimeweka alama pale ambapo lazima wakili aangalie kabla hujaamua.

Kubwa kuliko yote: usitie sahihi bado. Wala zile siku 14 zisikutie hofu. Ajenti ameandika kwamba usipotia sahihi kufikia tarehe 17 Juni, "mpangilio wa zamani" utakoma mwisho wa mwezi. Hana uwezo huo. Wewe hivi sasa unapanga bila mkataba wa maandishi, unalipa kodi kila mwezi na kupewa risiti. Mpangaji wa duka wa namna hiyo analindwa na sheria ya Kenya inayoitwa Sura ya 301. Mwenye jumba akitaka kukutoa, kupandisha kodi au kubadilisha masharti, lazima akupe notisi kwa fomu maalumu iliyowekwa na sheria, ieleze sababu, na ikupe si chini ya miezi miwili. Ukiipinga, kesi inakwenda kwenye baraza la kodi za maduka, lile wanaloliandika BPRT, na kodi inabaki ilivyo mpaka baraza liamue. Barua pepe hii si notisi hiyo. Ni ombi tu.

Ikija fomu yenyewe, nipigie siku hiyo hiyo, maana utakuwa na mwezi mmoja wa kujibu kwa maandishi kama unakubali au hukubali, na shauri lazima lifike barazani kabla ya ile miezi miwili kwisha.

Sasa mkataba wenyewe.

MUDA. Miaka 5 na miezi 3, kuanzia tarehe 1 Julai. Hiyo miezi 3 ya mwisho haikuwekwa kwa bahati. Sura ya 301 inamlinda mpangaji ambaye mkataba wake wa maandishi hauzidi miaka 5. Ukizidi, hata kwa miezi michache, na ndani yake hamna kifungu cha kuuvunja mapema, ulinzi unaondoka. Kwa hiyo ukitia sahihi kama ulivyo, ngao uliyo nayo leo unaivua kwa mkono wako mwenyewe. Muda ukiisha wanaweza kukuambia toka, bila sababu, na baraza halitakuwa na la kusema.

KUTOKA MAPEMA. Hamna njia. Nimekitafuta kifungu hicho ukurasa kwa ukurasa. Ukiugua, biashara ikilala, au ukitaka kurudi Lamu kupumzika, bado utadaiwa kodi mpaka mwezi wa mwisho. Kwa miezi yote 63 hiyo ni takriban shilingi 3,514,000, bila VAT.

Mambo haya mawili yameshikana, Shangazi, na hapa nakuomba usome polepole. Sheria inasema pia kwamba mkataba wenye kifungu cha kuuvunja ndani ya miaka 5 ya mwanzo, kwa sababu isiyokuwa kosa la mmoja wenu, unarudi chini ya ulinzi ule ule hata ukiwa wa muda mrefu. Basi ukiomba sentensi moja tu, "kila upande unaweza kuuvunja mkataba huu kwa notisi ya miezi mitatu", unapata mawili kwa mpigo: mlango wa kutokea, na baraza la kukimbilia. Wakili wao analijua hilo, na naamini ndiyo sababu kifungu hakimo. Watakataa mwanzoni. Shikilia.

KODI. Leo unalipa 38,000. Wanataka 45,000, na iongezeke asilimia 10 kila mwaka juu ya ile ya mwaka uliotangulia. Kwa hesabu: mwaka wa pili 49,500, wa tatu 54,450, wa nne 59,895, wa tano 65,884. Kisha juu ya kila kiasi kuna VAT ya asilimia 16, ambayo kwenye barua wameitaja kwa mstari mmoja tu chini kabisa. Maana yake mwezi wa kwanza utatoa 52,200, na mwaka wa tano zaidi ya 76,400 kwa mwezi, mara mbili ya unacholipa sasa. Mwenye duka aliyesajiliwa kwa VAT huirudisha kwenye hesabu zake na KRA. Wewe hujasajiliwa, kwa hiyo kwako ni pesa iliyokwenda. Waambie walete cheti cha usajili wa VAT cha mwenye jumba. Kama hajasajiliwa, hana haki ya kukutoza hata senti.

Malipo yenyewe ni ya miezi mitatu mitatu, kabla, si mwezi kwa mwezi kama ulivyozoea. Ukichelewa siku 7 wanaongeza riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Kwa robo ya kwanza hiyo ni shilingi 4,698 kila mwezi unaochelewa. Nakujua hucheleweshi, lakini miezi ile leso zimejaa stoo na wateja wanangoja Ramadhani ikaribie, laki na nusu kwa mpigo mmoja si mchezo. Omba ibaki kila mwezi.

PESA ZA KUANZIA. Wamezitawanya sehemu nne tofauti, nimezikusanya: dipoziti 135,000, kodi ya robo ya kwanza na VAT 156,600, huduma za jumba (mlinzi, taka, maji ya chooni) kwa miezi mitatu na VAT 20,880, ada ya wakili WAO 35,000, ushuru wa stempu asilimia 2 ya kodi ya mwaka, yaani 10,800. Jumla ni shilingi 358,280. Umo humo dukani miaka mingi na hutakabidhiwa hata kufuli jipya. Ushuru wa stempu ni wa serikali na kwa desturi mpangaji ndiye anayelipa. Ya wakili wao inajadiliwa: sema kila mtu amlipe wake. Na pesa za huduma wameandika wanaweza kuzibadilisha "wakati wowote". Waweke kikomo na wakuonyeshe hesabu kila mwaka.

MATENGENEZO. Hiki kimenikasirisha. Wameandika kwamba mpangaji atatengeneza "kila kitu, ndani na nje, pamoja na paa, kuta na nguzo". Jumba lile ni la zamani, Shangazi. Ule ukuta wa nyuma hutoa chumvi kila masika, na juu ya mlango wa stoo saruji imebanduka mpaka nondo zinaonekana, zimeshika kutu na kuvimba. Ukitia sahihi, nondo hizo ni zako. Sehemu ya juu ikianguka, ni wewe wa kuijenga, na mwisho wa mkataba watakata kwenye dipoziti kwa kila ufa walioukuta. Linalokubalika ni hili: wewe utengeneze ya ndani, rangi, taa, vitasa, bomba, mwenye jumba ashike paa, kuta za nje, nguzo na msingi. Kabla ya lolote, mwambie kijana apige picha kila pembe ya duka, tarehe ionekane, na picha ziambatanishwe kwenye mkataba.

MBELE YA MLANGO. Kifungu cha 14 kinakataza kuweka au kutundika bidhaa "nje ya mstari wa mlango". Mtu asiyeujua mtaa wa Biashara anaweza kukipita bila kukiona. Wewe unajua mteja anasimama kwa ile leso aliyoiona ikipepea mlangoni, na jina lake analisomea pale pale nje. Ukivunja kifungu hiki mara mbili, wanahesabu umevunja mkataba mzima. Omba waandike wazi kwamba unaruhusiwa kutundika leso na vikoi kwenye kuta mbili za mlango kama ilivyo sasa, bila kuziba njia ya watu.

KUMWACHIA MWINGINE. Huwezi kumkabidhi mtu duka, kuingiza mshirika wala kupokea kilemba bila ruhusa yao ya maandishi, na wanaweza kukataa bila kutoa sababu. Hata binti yako anahesabiwa "mwingine". Kwa kuwa ndiye unayetaka akurithi kazini, jina lake liingie kwenye mkataba tangu mwanzo kama mpangaji mwenza. (Hapa wakili aangalie, maana na yeye atakuwa anadaiwa kodi.)

UKISHINDWA KULIPA. Wanaweza kutuma dalali mwenye leseni kukamata bidhaa dukani. Hilo lipo katika sheria hata lisipoandikwa. Walichoongeza wao ni haki ya kubadilisha kufuli baada ya siku 15 bila kwenda mahakamani. Kifutwe.

Vifungu vya bima, kibao cha jina na saa za kufungua ni vya kawaida. Sikuona la kukudhuru.

Nisikufiche jambo: ulinzi wa Sura ya 301 si wa milele. Mwenye jumba anaweza kushinda barazani akithibitisha anataka kulibomoa na kulijenga upya, au kulitumia mwenyewe. Na mpangaji aliyeacha kodi miezi miwili, au anayechelewesha mara kwa mara, hupoteza haki yake. Kwa hiyo lipa 38,000 yako kwa tarehe ile ile, usichelewe hata siku moja. Ajenti akikataa kuipokea, itume kwa M-Pesa kwenye nambari waliyokuwa wakiitumia na utunze ujumbe. Zile risiti za marehemu baba wa mwenye jumba, zilizo kwenye kopo la biskuti, zitoe nakala zote. Ndizo ushahidi wako kwamba umekuwa mpangaji tangu zamani.

Majibu ya kumtumia ajenti nimekuandikia haya. Yanakili tu:

"Nimepokea barua yako ya tarehe 3 Juni na mkataba. Naendelea kuwa mpangaji kwa masharti yaliyopo na nitaendelea kulipa kodi yangu kama kawaida. Niko tayari kuzungumza kuhusu mkataba wa maandishi, lakini naomba kwanza yafuatayo: kifungu cha kuuvunja kwa notisi ya miezi mitatu kwa kila upande, kodi ilipwe kila mwezi, matengenezo ya paa, kuta za nje na nguzo yawe ya mwenye jumba, ruhusa ya kutundika bidhaa mlangoni, na kifungu cha kubadilisha kufuli kiondolewe. Naomba pia cheti cha VAT cha mwenye jumba. Wakili wangu ataupitia mkataba uliorekebishwa kabla sijatia sahihi."

Usiongeze neno juu ya kiasi cha kodi kwa sasa, hata akikupigia simu. Hiyo tutaizungumza baada ya kuona wamekubali lipi. Akija dukani na karatasi, ipokee, muulize jina, andika tarehe na saa, usitie sahihi popote, hata pale palipoandikwa "nimepokea", mpaka umenipigia picha nikaiona.

Nitakupigia kesho baada ya Isha. Msalimie mzee na watoto.

Mwanao wa Nairobi