Yah: Kuachishwa kwangu kazi mwaka jana

Dada Rehema, habari za kazi.

Nashukuru kwa simu ya jana. Uliponiuliza kwa nini niliondoka kwenye stoo ya dawa, nilikuwa ndani ya daladala na sikutaka kukujibu nusunusu. Jibu ni kwamba niliachishwa kazi, Machi mwaka jana, baada ya kuwa pale miaka minne.

Kazi yangu ilikuwa kupokea na kutunza dawa za friji, zile zinazokaa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto husomwa asubuhi na jioni, na anayesoma anaandika namba na kusaini. Jumamosi moja tulipokea mzigo mkubwa hadi giza likaingia. Asubuhi kipimajoto kilikuwa kimesoma 5, basi jioni nikaandika 5 tena, nikasaini bila kwenda kukitazama. Jumatatu mwenzangu alikuta friji imeshuka chini ya sifuri na boksi za insulini zilizogusa ukuta wa nyuma zimeganda. Insulini ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka, kwa hiyo zilitengwa zikateketezwe. Namshukuru Mungu hakuna hata moja iliyomfikia mgonjwa.

Friji ilikuwa na hitilafu, lakini saini ilikuwa yangu. Ningesoma jioni ile, huenda tungeziwahi. Kamati ya nidhamu iliniita, ikanisikiliza, nami nikaeleza kama ninavyokueleza wewe. Stahiki zangu nililipwa, na cheti cha utumishi nimekiambatisha hapa. Sikwenda CMA kwa sababu sikuwa na la kudai. Kazi hii nimefundishwa na watu wale wale, na bado nawaheshimu.

Tangu Juni mwaka jana nafanya kazi ya muda kwenye duka la dawa Mbagala. Mwenye duka nilimweleza habari hii siku ya kwanza, kabla hajanikabidhi funguo, na amekubali kuwa mdhamini wangu. Sasa naandika namba nikiwa nimesimama mbele ya friji, na pembeni yake naandika saa. Nimekuwekea pia picha ya karatasi ya joto ya mwezi uliopita, uione mwenyewe.

Ukiwapigia waajiri wangu wa zamani watakuambia niliachishwa kwa sababu ya kumbukumbu za joto. Ni kweli, na nilipenda uisikie kwangu kwanza.

Nafasi ya mtunza ghala Dodoma bado naihitaji. Mwajiri akitaka nianze kwa muda wa majaribio, au mtu mwingine awe anahakiki karatasi zangu kwa miezi ya mwanzo, sina kipingamizi. Kama kuna jambo ungependa kuuliza zaidi, napatikana kila siku baada ya saa kumi jioni, na Alhamisi nipo siku nzima.

Wako,
Juma